Kibali cha kupulizia viuatilifu kando ya Ziwa Victoria: kuanzia darasani hadi kwenye daftari

Kiangazi ndiyo msimu wa bustani kando ya ziwa. Kuanzia Kayenze hadi Magu, na ng'ambo kule Sengerema, pampu zinavuta maji, nyanya na kabichi zinakua, na kila asubuhi utakutana na vijana waliobeba bomba mgongoni wakienda kupiga dawa kwenye mashamba ya watu. Wengi hulipwa kwa idadi ya mabomba waliyomaliza. Malipo ya namna hiyo yanamsukuma mtu kumaliza mabomba mengi, wakati shamba linahitaji kipimo sahihi. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya vijana hao, kwa wenye mashamba wanaowaajiri, na kwa maafisa ugani wenzangu tunaotakiwa kuwasimamia. Nimechagua mfano wa nyanya, kwa sababu ndiyo zao linalopuliziwa mara nyingi kuliko mengine huku kwetu na ndilo linaloingia sokoni likiwa bichi.

Kwanza, jua uko upande gani

Viuatilifu nchini vinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya TPRI ya Arusha pamoja na kitengo cha afya ya mimea cha Wizara ya Kilimo, na hadi leo wazee wengi bado wanasema "watu wa TPRI" wakimaanisha Mamlaka.

Mkulima anayepulizia bustani yake mwenyewe anatakiwa kutumia dawa iliyosajiliwa na kufuata lebo. Mfanyakazi wa shamba anayepulizia kwa niaba ya tajiri yake anahitaji mafunzo, na tajiri ndiye anayebeba wajibu wa usalama wake. Anayezunguka akipulizia mashamba ya watu kwa malipo anafanya biashara ya upuliziaji, na huyo ndiye anayehitaji kibali cha Mamlaka. Afisa ugani haombi kibali ili atoe ushauri. Lakini akifungua duka la pembejeo, hata kwa jina la mke wake, duka hilo linahitaji kibali cha biashara ya viuatilifu kama maduka mengine. Akilifungua pia anajiweka mahali pagumu, kwa kuwa mkulima hataweza tena kujua kama anaandikiwa dawa kwa sababu ya mdudu au kwa sababu ya mzigo uliolala dukani.

Wapuliziaji wa kijiji kimoja wanaweza kujiunga wakaomba kama kikundi kilichosajiliwa. Naipenda njia hii, maana kikundi kinaweza kununua vinyago na glavu kwa pamoja, na daftari linabaki hata kijana mmoja akihamia mjini.

Kuomba

Anza na ofisi ya TPHPA ya Kanda ya Ziwa, Mwanza. Uliza mafunzo ya matumizi sahihi na salama ya viuatilifu yanayofuata ni lini, na jiandikishe. Cheti cha mafunzo kinathibitisha kwamba umefundishwa, ila hakikupi ruhusa ya kutoza watu pesa. Ruhusa hiyo ni kibali, na maombi yake yanakuja baada ya cheti.

Weka tayari kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi, cheti cha mafunzo na anwani ya mahali unapohifadhi vifaa na dawa. Mahali hapo patakaguliwa, kwa hiyo chumba unacholala hakifai, na stoo ya chakula hali kadhalika. Taarifa za huduma zinapatikana kwenye tovuti ya Mamlaka, `www.tphpa.go.tz`. Malipo yote ya serikali hupita kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo unayotumiwa, kisha unalipia benki au kwa simu. Mtu akikuomba ada mkononi au kwa namba yake binafsi ya simu ili "akuharakishie", usimpe. Kibali kikitoka, angalia tarehe ya mwisho wake uiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kazi, kwa sababu wengi hukumbuka kuhuisha siku mkaguzi anapofika.

Yale ya darasani utakayoyatumia kila siku

Mafunzo yana mada nyingi. Mimi nitakaa kwenye tatu ambazo kila ninapokagua mashamba nazikuta hazifuatwi.

Ya kwanza ni lebo. Chupa halali ina jina la dawa, kiambato amilifu na kiasi chake kwa lita, namba ya usajili, tarehe ya kuisha muda, maelekezo ya Kiswahili, na utepe wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu: nyekundu ni kali kupita zote, ikifuatiwa na njano, bluu, kisha kijani. Kijani haimaanishi kwamba dawa haina madhara, na rangi hiyo inazungumzia mwili wa binadamu tu. Dawa nyingi za jamii ya pairethroidi zina utepe wa njano au bluu lakini kiasi kidogo sana tu kinatosha kuua samaki. Kwa mtu anayelima mita mia moja kutoka ziwani hilo ni la kuzingatia mno. Dawa ya kupimiwa, ile inayouzwa kwenye chupa ya soda, haina lebo hata moja, kwa hiyo haiwezi kuandikwa kwenye daftari, na mwenye kibali haruhusiwi kuigusa.

Ya pili ni kuchanganya. Wengi huvaa kinyago wakati wa kupulizia ila wakichanganya wanakuwa mikono mitupu. Hatari imekaa kinyume cha hapo, kwa sababu kilichomo kwenye chupa ni sumu yenyewe kabla haijazimuliwa, na njia kuu inayopita kuingia mwilini ni ngozi. Vaa glavu ndefu za nitrili au mpira mzito wakati wa kufungua chupa. Glavu za kitambaa hunyonya dawa na kuishikilia kwenye ngozi, na hapo ni heri hata usingevaa. Suruali inakaa nje ya buti, ili dawa inayotiririka isiingie ndani ya kiatu. Kinyago kiwe cha kichujio cha mkaa kinachozuia mvuke. Kanga iliyofungwa mdomoni au barakoa ya hospitali huzuia vumbi tu, na ikishalowa dawa inakuwa inaipeleka karibu zaidi na pua.

Maji yachotwe kwa ndoo safi na kuletwa mbali na ufuo. Jaza bomba nusu, changanya dawa pembeni kwenye ndoo yenye maji kidogo, mimina kupitia chujio, kisha ongeza maji hadi alama. Bomba lisitumbukizwe ziwani hata likiwa jipya, na lisioshewe hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mpuliziaji anayekubali kupulizia ndani ya eneo hilo anaweka kibali chake rehani kwa kosa la mwenye shamba. Kuna sababu nyingine ya kuwa wakali hapa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu, na viwanda vya minofu vya Mwanza vikayumba. Soko la samaki halitofautishi sumu iliyomwagwa makusudi na iliyopeperushwa kutoka bustanini.

Ya tatu ni sumu inapompata mtu. Baadhi ya dawa za nyanya na pamba, kwa mfano profenofosi, ni za jamii ya oganofosfeti, zinazovuruga mishipa ya fahamu. Aliyeathirika hutoka jasho jingi, mate yanamjaa, machozi yanatiririka, anatapika, mboni za macho zinasinyaa, na misuli inachezacheza. Mara nyingi mwanzoni husema "nina malaria". Ukimwona mtu aliyepulizia leo akiwa hivyo, mtoe shambani, mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, macho yasafishwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya pamoja na lebo au chupa yenyewe. Usimtapishe. Na maziwa, ambayo karibu kila nyumba huyakimbilia, hayaondoi sumu hii. Mtu aliyelegea anaweza kupaliwa nayo yakaingia mapafuni. Matibabu yake ni ya hospitali, atropini ikiwemo, na mganga akiwa na jina la kiambato mkononi hapotezi muda kukisia. Hali ikiwa mbaya, usisubiri zamu ya zahanati iishe, omba rufaa ya kwenda Sekou Toure au Bugando mapema.

Mwajiri asisahau upande wake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila kumkata mshahara, na ampeleke kupimwa afya. Kwa wanaoshika oganofosfeti mara kwa mara, omba kipimo cha damu cha kolinesterasi kabla ya msimu kuanza, mtu akiwa hajagusa dawa kwa mwezi hivi. Namba hiyo ya mwanzo ndiyo itakayolinganishwa na ya katikati ya msimu. Bila ya kuwa nayo, kipimo cha baadaye hakisemi mengi. Na aliye chini ya miaka 18 hapewi bomba kabisa, hata awe mtoto wa mwenye shamba.

Kupima bomba lako kabla ya kupima dawa

Hapa ndipo kazi ya mwenye kibali inapotofautiana na ya kibarua. Lebo nyingi hutoa kipimo kwa hekta. Bomba halijui hekta. Linajua mwendo wako, shinikizo la mkono wako na ukubwa wa tundu la nozeli. Kwa hiyo pima kwanza, kwa maji matupu.

Pima kipande cha mita 10 kwa mita 10 ndani ya shamba lenyewe, penye mimea ya ukubwa utakaopulizia. Jaza maji hadi alama unayoiona vizuri, weka bomba mgongoni, pulizia kipande hicho kwa mwendo wako wa kawaida mpaka majani yalowe bila kudondosha. Kisha shusha bomba mahali palipo sawa na ujaze tena kwa jagi lenye vipimo hadi ile alama. Maji uliyoongeza ndiyo uliyotumia.

Tuseme shamba ni nusu ekari ya nyanya, maeneo ya Sangabuye, nyanya zimeanza kutoa matunda, na kipande chako kimetumia lita 4. Nusu ekari ni takribani mita za mraba 2,000, yaani vipande 20 kama hicho. Lita 4 mara 20 ni lita 80, na kwa bomba la lita 16 hayo ni mabomba 5 kamili. Lebo ya mfano wetu inaagiza mililita 250 kwa hekta. Nusu ekari ni sehemu moja ya tano ya hekta, kwa hiyo shamba lote linataka mililita 50, na kila bomba linapata mililita 10.

Sasa mlinganishe na anayepima kwa kifuniko. Kifuniko cha mililita 20, vifuniko viwili kwa bomba "ili dawa ishike", ni mililita 40. Huyo amepiga mara nne ya kipimo, amemaliza chupa ya mwenye shamba, na anayekula nyanya analipia bei hiyo bila kujua. Nunua sirinji ya plastiki au kikombe kidogo chenye mistari, andika "SUMU" juu yake, na usikipe kazi nyingine.

Rudia kipimo hiki kila unapobadili nozeli, unapobadilishana bomba na mwenzako, na mimea inapokua. Kama mwezi unaofuata kipande kilekile kimetumia lita 5, shamba litameza lita 100, yaani mabomba 6 na robo. Ukiendelea na mililita 10 kwa bomba utakuwa umezidisha dawa kwa robo nzima. Kipimo sahihi sasa ni mililita 8 kwa bomba. Kabla ya kubadili, lakini, jiulize kwa nini maji yameongezeka. Mimea ikiwa mikubwa zaidi, ni sawa. Ikiwa mimea ni ileile, kinga jagi chini ya nozeli kwa dakika moja na ulinganishe na nozeli mpya. Ikitoa zaidi ya asilimia 10 juu ya mpya, tundu limelika, itupe. Na nozeli iliyoziba izibuliwe kwa brashi laini au kwa unyasi. Kuipuliza kwa mdomo ni kunywa dawa, na kuichokonoa kwa waya kunaipanua.

Upepo wa ziwa

Vitabu vyote vinasema pulizia asubuhi na mapema. Kwetu ushauri huo unahitaji nyongeza. Usiku na alfajiri nchi kavu hupoa kuliko ziwa, na upepo hutoka nchi kavu kwenda majini. Jua likishapanda, kuelekea saa nne au saa tano, upepo hugeuka na kutoka ziwani kuja kwako. Kwa hiyo saa nzuri za asubuhi ndizo hizo upepo unapobeba matone kuelekea kwenye maji, kwenye vizimba vya sato na kwenye mchanga ambako akina mama wameanika dagaa. Mvuvi hatakuona, atakutana na matokeo yake tu.

Kabla ya kuanza, angalia majani au moshi wa jikoni la jirani. Upepo unaotikisa majani taratibu ndio mzuri. Ukitikisa matawi, acha. Na utulivu kamili wa alfajiri, pale moshi unapotanda chini bila kupanda, nao ni mbaya, kwa kuwa matone madogo hubaki hewani na kusafiri mbali kwa wakati wake. Subiri kidogo jua lipashe ardhi. Upepo ukiwa unaelekea ziwani, anza na mistari iliyo upande wa ziwa kisha urudi kuelekea nchi kavu, ili kila hatua ukanyage mahali ambapo hujapulizia na dawa ipeperuke nyuma yako. Shusha nozeli karibu na majani, punguza nguvu ya kupampu ili matone yawe makubwa. Kama kuna dagaa walioanikwa upande ule, ahirisha. Kuwaomba wenyewe waanue ni adabu, lakini kuanua mzigo wa dagaa si kazi ya dakika tano.

Mstari mmoja wa daftari

Daftari liwe gumu, la kurasa zilizofungwa, si karatasi zilizobanwa. Andika kwa kalamu ya wino, shambani, kabla hujaondoka. Anayeandika jioni nyumbani huandika anavyokumbuka, na anayeandika mwisho wa wiki hutunga. Ukikosea piga mstari mmoja na uandike upya pembeni. Usifute.

Hivi ndivyo kazi ile ya Sangabuye ingeandikwa:

Tarehe na saa: 14 Julai 2026, saa 1:00 hadi saa 3:10 asubuhi.
Shamba: kitalu B, nyanya, nusu ekari, mita 90 kutoka majini, zimeanza kutoa matunda.
Kilichoonekana: mimea 30 imekaguliwa, mimea 9 ina mirija mipya ya kantangaze.
Dawa: jina la kwenye lebo, kiambato abamektini, kundi la 6, namba ya usajili, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda.
Kipimo: mililita 10 kwa bomba la lita 16, mabomba 5, jumla mililita 50.
Hewa: upepo mwepesi kutoka nchi kavu, hakuna mawingu ya mvua.
Aliyepulizia: jina, namba ya kibali, sahihi. Vifaa: glavu, kinyago, miwani, ovaroli, buti.
Kuingia tena shambani: 15 Julai, saa 3:10 asubuhi (lebo: saa 24).
Kuvuna: kuanzia 21 Julai (lebo: siku 7).
Mengineyo: nozeli iliziba bomba la tatu, imesafishwa kwa brashi. Chupa 1 tupu imesuuzwa mara 3, imetobolewa.

Safu ya "kilichoonekana" ndiyo inayorukwa kuliko zote, nami naiona ya thamani kuliko zote. Kantangaze, yule nondo aliyeingia nchini mwaka 2014 na kumaliza mashamba ya nyanya, hana huruma na mkulima anayepulizia kwa kalenda. Tembea kwa njia ya zigizaga, kagua mimea 30, hesabu yenye mirija mipya ambayo ukiinyanyua majani kwenye mwanga unaona kiwavi ndani. Mirija ya zamani, iliyokauka na kuwa kahawia bila kiwavi, usiihesabu. Siku ya nne au ya tano baada ya kupulizia rudi ukahesabu tena na uandike kwenye mstari uleule. Bila hesabu ya pili hutajua kama dawa imefanya kazi au mvua ndiyo iliyofanya.

Chukua kesi yetu. Tarehe 18 Julai mimea yenye mirija mipya imeshuka kutoka 9 hadi 2. Dawa imefanya kazi. Lakini ingebaki 8, lingekuja swali. Mpuliziaji asiye na daftari angeongeza kipimo. Mwenye daftari anarudi nyuma kurasa mbili tatu na kutazama safu ya kundi. Namba ya kundi, ambayo lebo nyingi huichapa pembeni mwa jina la kiambato, inaeleza dawa inamuuaje mdudu. Majina matatu tofauti ya dukani yanaweza kuwa kundi moja. Akikuta kundi la 6, kundi la 6, kundi la 6 tangu mwezi Mei, jibu liko mbele yake: wadudu waliobaki ni wale wanaolivumilia kundi hilo, na kuzidisha mililita kunawachuja zaidi. Anahamia kundi jingine na kukaa nalo kwa muda wa kizazi kimoja cha mdudu, takribani mwezi, kabla ya kuhama tena. Kabla ya kufika huko, hata hivyo, ahakikishe kwanza safu ya mabomba na ya hewa. Kama siku ile nozeli iliziba au mvua ilinyesha jioni, kosa huenda halikuwa la dawa.

Safu ya kuvuna nayo ina mtego. Nyanya ikishaanza huchumwa mara mbili kwa wiki hivi, na mwenye shamba ana dalali anayemsubiri Igoma. Siku 7 za kusubiri zinamaanisha kuacha mchumo mmoja au miwili, na hapo ndipo ugomvi unapozuka. Dawa yenye kusubiri kwa muda mrefu itumike kabla ya matunda kuiva. Mchumo ukishaanza, chagua dawa ambayo lebo yake inaruhusu siku 1 hadi 3, na upulizie jioni ya siku ya kuchuma, baada ya matenga kuondoka. Mwambie mwenye shamba tarehe ya kuvuna kwa mdomo, umpe na kikaratasi, kisha mwambie aweke sahihi kwenye mstari. Akivuna kabla, sahihi yake inabaki kwake.

Mwambie pia akina mama wanaokuja kupalilia. Fito mbili zenye kitambaa chekundu mlangoni mwa kitalu, mpaka saa za kuingia tena zitimie, zinatosha na hazina gharama.

Kwa afisa ugani

Usisaini madaftari kwa mafungu ofisini. Nenda shambani, chagua mstari mmoja, kisha fanya mambo mawili: zidisha kipimo cha bomba kwa idadi ya mabomba uone kama jumla inalingana na dawa iliyopungua kwenye chupa, na mwambie mpuliziaji apulizie maji kwenye kipande cha mita 10 kwa 10 mbele yako. Mistari yote ikiwa na saa ileile, upepo uleule na mwandiko wa wino mmoja usiobadilika, daftari limetungwa kwa siku moja. Kaa naye umwonyeshe upya, na urudi baada ya wiki mbili.

Ushauri wako nao uandike. Ukimwambia mkulima atumie dawa fulani, andika kiambato, kipimo, kundi na siku za kusubiri kwenye kitabu chake cha shamba, weka jina na tarehe. Dukani atapewa kilichopo, na maandishi yako ndiyo yatakayomsaidia kukataa asichoandikiwa.

Yakitokea madhara, iwe mtu aliyeugua, samaki waliokufa ufuoni au dawa iliyomwagika, yaandikwe siku hiyohiyo kwenye mstari wa kazi husika, na ofisi ya Mamlaka ya kanda ijulishwe pamoja na halmashauri. Tunza chupa na namba yake ya toleo, kwa kuwa ikiwa ni dawa bandia, namba hiyo ndiyo itakayofuatwa hadi dukani ilikotoka.

Chupa tupu nyingine zisuuzwe mara 3 na maji ya kusuuza yarudi kwenye bomba yapuliziwe shambani. Zitobolewe kitako, zikusanywe kwenye kiroba kilichofungiwa, mbali na watoto, hadi zichukuliwe kwa utaratibu utakaoelekezwa na halmashauri au aliyekuuzia. Zisichomwe moto, moshi wake ni sumu. Daftari lililojaa nashauri litunzwe miaka 3, na ukienda kuhuisha kibali lichukue ulipeleke, hata kama hujaambiwa.